Bei ya stradoli ni wastani wa mwendo, si mpaka wake

*Ndugu mtaalamu, nafanya biashara ya opsheni za hisa za Marekani nikiwa hapa Ntinda, Kampala. Nilifundishwa kwamba ukijumlisha bei ya koli, haki ya kununua hisa, na ya puti, haki ya kuiuza, unapata mwendo ambao soko linautarajia. Jumatano iliyopita, dakika chache kabla ya soko kufungwa, hisa ninayoifuatilia ilikuwa dola 80 na ripoti yake ya robo mwaka ilikuwa itoke usiku huohuo. Koli na puti za mwezi mmoja, za bei ya 80, jumla zilikuwa dola 7.60, yaani asilimia 9.5. Nikarudi nyuma ripoti nane: hisa ilivuka asilimia 9.5 mara mbili tu. Sikuuza, niliogopa. Lakini opsheni zilikuwa ghali, si ndiyo? Nakutumia picha ya skrini na mienendo ya ripoti zote nane.*

Hapana, ndugu yangu, hazikuwa ghali. Hazikuwa bei chee pia. Nimekaa na picha yako jioni nzima, na kila nilipoipima nilirudi palepale: bei ilikuwa karibu sana na haki yake. Umefanya vema kutoniambia hisa ilikwenda wapi baada ya ripoti, kwa sababu matokeo ya usiku mmoja hayawezi kusema kama bei ya jana yake ilikuwa kubwa au ndogo.

Hesabu yako ina makosa mawili, na yote mawili nimewahi kuyafanya kwa pesa yangu. La kwanza ni kulinganisha stradoli ya mwezi mzima, yaani koli na puti kwa pamoja, na mwendo wa siku moja. La pili ni kuhesabu mara ngapi hisa ilivuka, badala ya kuangalia ilivuka kwa kiasi gani. Nianze na hili la pili, maana ndilo lililoninyang'anya zaidi.

Fikiria unachonunua unapochukua koli na puti za bei moja na tarehe moja. Hisa ikipanda dola 6 kutoka 80, koli inalipa 6 na puti inakufa. Ikishuka dola 6, puti inalipa 6 na koli inakufa. Kwa hiyo siku ya mwisho stradoli hulipa umbali ambao hisa imetembea, upande wowote ule. Sasa jiulize: kitu kinacholipa umbali, bei yake ya haki ni ipi? Ni wastani wa umbali huo. Ukikinunua mara mia kwa bei hiyo, mwishoni hupati na hupotezi. Ndiyo maana tunasema bei ya stradoli ni makisio ya soko kuhusu mwendo. Lakini ni makisio ya *wastani*. Haisemi kwamba hisa haitavuka hapo.

Na wastani wa umbali una tabia moja ambayo wengi hawaijui. Siku za mwendo mdogo ni nyingi, siku za mwendo mkubwa ni chache, ila zile chache huuvuta wastani juu. Ukichukua mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, hisa hubaki ndani ya wastani wa umbali wake karibu mara 57 au 58 katika 100, na huvuka mara 42 au 43 tu. Maana yake, mnunuzi wa stradoli iliyouzwa kwa bei ya haki kabisa hupoteza mara nyingi kuliko anavyopata. Katika ripoti nane, tungetarajia avuke mara tatu hivi. Kwa hiyo mtu akikuambia "hisa hii imebaki ndani ya stradoli mara tano kati ya nane, kwa hiyo opsheni ni ghali," amekueleza jambo ambalo lingetokea hata kama bei haina kosa lolote.

Mwaka wangu wa kwanza niliuza stradoli kwa kuhesabu hivyohivyo. Nilishinda ripoti kadhaa mfululizo, kila moja kidogo kidogo, kisha ripoti mbili zikachukua zote na kunidai zaidi. Hesabu ya mara za kushinda ilikuwa sahihi. Nilichosahau ni kwamba pesa haihesabiwi kwa mara.

Sasa turudi kwenye picha yako. Wewe ulitazama opsheni za mwezi, lakini kwenye skrini hiyohiyo, mistari michache juu, kuna zinazoisha Ijumaa ya wiki ile. Koli ya 80 ilikuwa na Bid, bei ya kuuzia, 2.50 na Ask, bei ya kununulia, 2.80. Puti ya 80 ilikuwa na Bid 2.45 na Ask 2.65. Katikati ya koli ni 2.65, katikati ya puti ni 2.55, jumla dola 5.20. Gawa kwa 80 upate asilimia 6.5. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo tunazungumzia dola 520. Kama dola ni shilingi 3,600, hiyo ni shilingi 1,872,000 kwa stradoli moja.

Kabla hujaendelea, tazama kama koli na puti zinakaribiana bei. Hapa zimepishana senti 10 tu, na hiyo inakuhakikishia kwamba 80 kweli ndiyo bei ya katikati. Zingekuwa koli 4 na puti 1.50, ungejua hisa iko juu ya 80 na ndani ya koli kuna thamani iliyokwisha kupatikana, ambayo si makisio ya mwendo wowote. Hapo uende kwenye bei ya mkataba iliyo jirani zaidi na bei ya hisa.

Kwa hiyo kwenye skrini moja una namba mbili, 6.5 na 9.5, na zote zinadai kuwa mwendo unaotarajiwa. Tofauti yake ni siku. Stradoli ya Ijumaa ilikuwa na siku mbili za soko mbele yake: Alhamisi, siku hisa inapopokea ripoti, na Ijumaa ya kawaida. Stradoli ya mwezi ilikuwa na siku 22: Alhamisi hiyohiyo na siku 21 za kawaida. Zote mbili zimebeba ripoti ileile, ila ya mwezi imebeba na mizigo mingine mingi. Wewe uliichukua asilimia 9.5 yenye siku 22 ndani yake ukaiweka mbele ya mienendo ya siku moja moja. Ni kama kulinganisha nauli ya kwenda Mbarara na nauli ya kwenda Entebbe kisha kusema basi la Mbarara ni ghali.

Ili kupata mwendo wa ripoti peke yake, lazima uondoe siku za kawaida. Hapa ndipo watu hujikwaa, kwa sababu hutoa moja kwa moja. Mienendo ya siku haijumlishwi hivyo: leo hisa inapanda, kesho inashuka, sehemu ya mwendo inafutana. Kinachojumlishwa ni mienendo iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo hesabu ni hii:

```
ripoti = sqrt(stradoli^2 - siku * kawaida^2)
```

Hapo `stradoli` ni bei yake kwa asilimia ya hisa, `siku` ni idadi ya siku za soko zisizo za ripoti, na `kawaida` ni wastani wa mwendo wa siku moja isiyo na habari. Hiyo ya mwisho unaitafuta mwenyewe: chukua bei za kufunga za siku 30 au 40 zisizo na ripoti, andika badiliko la kila siku kwa asilimia, ondoa alama ya kutoa, tafuta wastani. Kwa hisa yako nimepata asilimia 1.5.

Stradoli ya Ijumaa: 6.5 mara 6.5 ni 42.25. Siku moja ya kawaida, 1.5 mara 1.5, ni 2.25. Ukitoa unabaki na 40, na kipeuo chake cha pili ni 6.3. Stradoli ya mwezi: 9.5 mara 9.5 ni 90.25. Siku 21 za 2.25 ni 47.25. Ukitoa unabaki na 43, na kipeuo chake ni 6.6. Umeona? Zile namba mbili zilizoonekana kugombana zinasema kitu kimoja: soko lilitarajia ripoti kuisukuma hisa kwa wastani wa asilimia 6 na nusu hivi.

Katika hizo mbili, mimi naiamini ya Ijumaa, na ni vizuri uone kwa nini. Tuseme nilikosea kidogo, na siku ya kawaida ni asilimia 1.8 badala ya 1.5. Kwa stradoli ya Ijumaa jibu linatoka 6.3 kwenda 6.2, kama halikusogea. Kwa ya mwezi linaanguka kutoka 6.6 hadi 4.7. Kosa dogo limezidishwa mara 21, na makisio yako yamebomoka. Kwa hiyo tumia tarehe ya karibu zaidi inayokuja baada ya ripoti, halafu ile ya mbali iwe ya kuhakiki tu. Zikipishana sana, kwanza shuku wastani wako wa siku ya kawaida. Kisha tazama kama katika mwezi huo kuna tukio jingine, mahakama au mkutano wa benki kuu ya Marekani, ambalo soko limelilipia.

Hesabu hiyo pia inaonyesha kingemtokea nini mtu aliyenunua ile ya mwezi kwa dola 7.60. Ripoti ikitoka na hisa ikabaki 80, asubuhi yake zimebaki siku 21 za kawaida peke yake. Stradoli ya siku hizo ina thamani ya 1.5 mara kipeuo cha pili cha 21, karibu asilimia 6.9, yaani dola 5.50. Zaidi ya dola 2 zimeyeyuka usiku mmoja. Watu huliita anguko la IV, yaani la mtikisiko uliokadiriwa ndani ya bei ya opsheni, na kulizungumzia kama ajali, lakini hakuna aliyemwibia mtu. Malipo ya ripoti yalikuwa ndani ya bei, na ripoti imekwisha.

Sasa mienendo yako nane. Umeipima vizuri, kutoka bei ya kufunga kabla ya ripoti hadi bei ya kufunga baada yake: 3.1, 11.8, 2.4, 5.0, 13.9, 1.7, 6.6 na 4.7. Jumla 49.2, wastani 6.15. Weka hiyo kando ya 6.3 ya soko. Iko karibu sana. Na kama unataka kuhesabu mara, hisa ilivuka 6.3 mara tatu katika nane, kama tulivyotarajia kwa bei ya haki. Kwenye 9.5 ulihesabu mara mbili ukaona ghali. Kwenye namba sahihi ghali hiyo haipo.

Lakini bado hatujagusa bei ambayo wewe ungeipata. Dola 5.20 ni katikati, na katikati hapauzwi. Ukinunua unalipa Ask mbili, 2.80 na 2.65, jumla 5.45. Ukiuza unapokea Bid mbili, 2.50 na 2.45, jumla 4.95. Kuna senti 50 kati ya milango hiyo miwili, na bado ada ya broka haijaingia. Historia yako inaithamini stradoli hiyo kiasi gani? Rudisha siku ya kawaida juu ya ripoti: 6.15 mara yenyewe ni 37.8, jumlisha 2.25, kipeuo chake ni 6.33. Asilimia 6.33 ya dola 80 ni dola 5.06. Tazama ilipoangukia: chini ya 5.45 ya mnunuzi, juu ya 4.95 ya muuzaji. Mnunuzi angelipa zaidi ya thamani, muuzaji angepokea pungufu ya thamani. Woga wako ulikupeleka mahali sahihi.

Katika orodha yako kuna namba moja inayostahili kuangaliwa kwa karibu: 13.9. Iondoe, na wastani wa saba zilizobaki unashuka hadi 5.04. Stradoli iliyokuwa na thamani ya dola 5.06 ghafla inakuwa ya dola 4.20 hivi, na kila mtu angesema opsheni ni ghali. Iongeze mara ya pili, kana kwamba ripoti ya tisa nayo imetikisa vilevile, na wastani unapanda hadi 7.0 na thamani hadi dola 5.70 hivi, na kila mtu angesema ni bei chee. Hisa ni ileile, kampuni ni ileile. Ripoti moja tu imeamua. Ripoti nane ni miaka miwili, na miaka miwili ni kipande kidogo sana cha maisha ya kampuni. Ukienda nyuma miaka mitano unapata ripoti 20, lakini hapo unakutana na kampuni iliyokuwa ndogo zaidi au inayouza bidhaa nyingine. Mimi hutumia 12 hivi, na ninasoma kila mwendo mkubwa ulisababishwa na nini. Kama 13.9 ilitokana na kumpoteza mteja mkubwa ambaye sasa hayupo, haina uzito sawa na kama ilitokana na makisio ya mauzo ya mwaka, jambo linalorudi kila ripoti.

Kitu kimoja kinakosekana kwenye daftari lako, na ningependa ukianze sasa. Umeandika hisa ilitembea kiasi gani, lakini hukuandika stradoli iliuzwa bei gani kabla ya kila ripoti. Hisa iliyotembea asilimia 5 baada ya stradoli kuuzwa kwa 4 ni tofauti kabisa na iliyotembea 5 baada ya kuuzwa kwa 8. Ukishakuwa na safu mbili, bei na mwendo, unaona kama soko la hisa hii lina desturi ya kulipisha zaidi au pungufu. Andika bei ya mwisho kabla ya kufungwa. Kwa saa zetu ni saa tano kasoro usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa sita kasoro baada ya wao kurudisha saa nyuma mwezi Novemba. Usichukue bei za dakika za kwanza za soko. Wakati ule Bid na Ask zimeachana sana na katikati yake haina maana.

Neno kuhusu skrini yenyewe. Majukwaa mengine yana mstari ulioandikwa `Expected Move`, na si wote wanaokokotoa sawa. Baadhi huchukua karibu asilimia 85 ya stradoli. Wengine hutumia IV na kukupa mkengeuko wastani, ambao ni mkubwa kuliko stradoli kwa karibu robo: kwa stradoli yako ya 5.20, mkengeuko wastani ni kama 6.50. Namba ya kwanza ingekuwa 4.40. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuambiwa 4.40 na mwingine 6.50 juu ya opsheni zilezile, dakika ileile. Ukilinganisha na wastani wa mienendo ya zamani, tumia stradoli yenyewe uliyoijumlisha kwa mkono. Wastani ulinganishwe na wastani.

Kuhusu kuuza, nikuambie wazi. Muuzaji wa stradoli ile angepata, kwa kheri zote, dola 495 kwa mkataba. Ripoti kama ile ya 13.9 ingeisogeza hisa dola 11.12, na yeye angebaki na hasara ya dola 617. Hiyo ni moja ya nane ulizoniletea wewe mwenyewe, si jambo la kutisha watu. Na kuna zisizokuwa kwenye orodha yako bado. Ripoti hutoka soko likiwa limefungwa, na opsheni za hisa haziuzwi usiku ule. Utakaa Ntinda ukiangalia hisa ikishuka bila kuwa na mlango wa kutokea hadi jioni ya pili. Anayeuza anunue pia koli ya mbali juu na puti ya mbali chini, apokee kidogo zaidi ya nusu ya ile pesa ikibidi, lakini hasara yake iwe na sakafu.

Ripoti ijayo, ikiwa hisa bado iko karibu na 80 na daftari lako halijabadilika sana, mipaka yangu ingekuwa ile tuliyoipata kwa kuiondoa na kuirudia 13.9. Ask mbili za wiki ya ripoti zikijumlika chini ya dola 4.20, ningenunua. Bid mbili zikijumlika juu ya dola 5.70, ningeuza nikiwa na kinga. Kati ya hapo ningeandika bei kwenye daftari na kwenda kulala.